Referandumu: kujibu swali, si kuchagua mtu



Tangu Oktoba 2024, Raisi wa Jamhuri alipozungumza mjini Kisangani juu ya kubadili Katiba, neno referandumu limerudi vinywani mwa watu. Katika mazungumzo yetu baada ya misa tumesikia swali moja likirudiwa: «Katika kura hiyo, mgombea ni nani?» Swali hilo halistahili kuchekwa. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, au tulikuwa bado wachanga, wakati nchi yetu ilipopiga kura ya namna hiyo mara ya mwisho. Lakini swali lenyewe linaonyesha hatari iliyo mbele yetu: ya kwenda kwenye referandumu kwa akili ya uchaguzi.

Referandumu, au kura ya maoni, haina mgombea. Ina swali, na swali lina majibu mawili tu: Ndiyo au Hapana. Kifungu cha 5 cha Katiba yetu chasema kwamba enzi ya taifa ni ya wananchi, nao huitumia wenyewe kwa njia ya referandumu au ya uchaguzi, au huitumia kwa kupitia wajumbe wao. Katika uchaguzi, mwananchi anamkabidhi mtu madaraka ili aamue kwa niaba yake. Katika referandumu hamkabidhi mtu yeyote. Anaamua mwenyewe, na jibu lake linageuka kuwa sheria.

Historia yetu ya karibu imeziweka kura hizo mbili bega kwa bega. Tarehe 18 na 19 Desemba 2005, Wakongo walipiga kura iliyotayarishwa na Tume Huru ya Uchaguzi, chini ya uongozi wa Padri Apollinaire Malumalu. Waliulizwa kama wanaikubali rasimu ya Katiba iliyopitishwa na Bunge la kipindi cha mpito. Waliojibu Ndiyo walikuwa asilimia 84 hivi, na Katiba ikatangazwa rasmi tarehe 18 Februari 2006. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Julai 2006, watu walewale walirudi vituoni. Safari hii walikuta wagombea 33 wa uraisi, na maelfu ya wagombea wa viti 500 vya Bunge. Kura ya kwanza ilijenga nyumba. Kura ya pili ilichagua watakaokaa ndani yake.

Tofauti inayofuata ni ya muda. Raisi huchaguliwa kwa miaka mitano. Tukikosea, tunajua siku ya kusahihisha kosa letu. Jibu la referandumu halina siku hiyo. Katiba ya 2006 haikuandikiwa mwaka wa kumalizika, na hakuna tarehe ambayo wananchi wataitwa tena kuulizwa kama bado wanaikubali. Kwa hiyo anayejibu Ndiyo kwa kumshukuru kiongozi aliyejenga barabara, au Hapana kwa kumwadhibu kiongozi aliyemchosha, amejibu swali ambalo hakuulizwa. Kiongozi huyo ataondoka, lakini sheria itabaki, na ataitumia mwingine ambaye hatumjui bado.

Kuna ugumu mwingine. Rasimu ya 2005 ilikuwa na vifungu 229, na mpiga kura alikuwa na jibu moja tu kwa vyote. Mtu aliyependa kifungu cha muhula wa Raisi lakini akachukia kifungu kingine hakuwa na nafasi ya kutenganisha. Katika uchaguzi mkuu naweza kumpa Raisi wa chama hiki kura yangu na kumpa mbunge wa chama kingine. Katika referandumu ya Katiba nzima, mzigo huchukuliwa wote au huachwa wote. Hapo ndipo ujanja unaweza kujificha: kifungu kizuri kinachosifiwa hadharani kinaweza kubeba mgongoni kifungu ambacho hakuna anayekitaja. Kwa hiyo ni lazima kusoma maandishi yenyewe, wala si kusikiliza tu nyimbo za kampeni.

Na je, kubaki nyumbani? Mwaka 2005 chama cha UDPS kiliwaita wafuasi wake wasishiriki. Watu asilimia 62 hivi ya walioandikishwa ndio waliopiga kura. Lakini asilimia 84 ilihesabiwa katika kura zilizopigwa, na waliobaki nyumbani hawakuhesabiwa upande wa Hapana. Katiba iliwafunga nao pia, sawasawa na wengine. Kutokwenda kunaweza kuwa ujumbe wa kisiasa, lakini katika hesabu ya referandumu si jibu.

Msidhani, hata hivyo, kwamba kilichokubaliwa na wananchi kinabadilishwa na wananchi pekee. Kifungu cha 218 chadai kwamba badiliko la Katiba lithibitishwe kwa referandumu. Lakini kinafungua mlango mwingine: Bunge na Seneti wakikutana katika Kongresi na kulipitisha kwa theluthi… la, kwa sehemu tatu kati ya tano za wajumbe wao, wananchi hawaitwi. Mlango huo ulitumiwa Januari 2011. Katiba ya 2006 ilitaka Raisi apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo duru ya pili ifanyike. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2006: hakuna aliyefikia nusu, tukarudi kupiga kura tarehe 29 Oktoba. Kongresi ilipoondoa duru ya pili, uchaguzi wa Novemba 2011 ulimalizika kwa mshindi aliyetangazwa kuwa na asilimia 49 hivi. Kwa sheria iliyokubaliwa katika referandumu ya 2005, hesabu hiyo ingetupeleka duru ya pili. Tunajifunza kwamba hata kumchagua mbunge kunagusa Katiba, kwa sababu kura yake yaweza kuchukua nafasi ya yetu.

Tena kuna vifungu ambavyo Katiba yenyewe imekataza kuguswa. Kifungu cha 220 chazuia kubadili idadi na urefu wa mihula ya Raisi, kura ya watu wote, uhuru wa mahakama, na wingi wa vyama. Kwa hiyo swali likiletwa mbele yetu, tuulize kwanza: je, ni marekebisho ya Katiba hii, au ni Katiba mpya inayoiweka hii kando pamoja na kufuli zake? Maneno hayo mawili hayana uzito mmoja, na anayeyachanganya makusudi anatuficha jambo.

Msimamo wetu ni huu. Kifungu cha 142 kinaiagiza Serikali isambaze sheria katika Kifaransa na katika lugha zetu nne za taifa ndani ya siku sitini baada ya kutangazwa. Kwa sheria ya kawaida hilo linafaa. Kwa referandumu, baada ya kutangazwa ni kuchelewa mno, kwani mwamuzi ni mwananchi, na mwamuzi husoma kabla ya kuhukumu. Siku tutakapoitwa, tudai maandishi kamili kwa Kiswahili mapema. Tuyasome kifungu kwa kifungu katika vikundi vyetu, Katiba ya sasa ikiwa wazi kando yake, tukiuliza kila mara: nini kimeondolewa, nini kimeongezwa, na nani anapata nguvu ambayo jana hakuwa nayo? Atakayeweza kujibu hayo, aandike Ndiyo au aandike Hapana. Atakuwa amejibu swali aliloulizwa.