Nguzo ya katikati haibebi kitu, njooni tubishane

Wadau, nimechoka kusikia kwamba ile nguzo ya katikati ya kenchi "inasukuma paa juu". Haisukumi! Chukua kenchi ya pembetatu: upana mita 8, kimo mita 3, mzigo wa Nyutoni 1200 kileleni tu. Mbao mbili za mlalo zinakutana chini katikati, na nguzo imesimama hapohapo.

Sasa kiangalie kile kiungo cha chini. Kina vipande vitatu, viwili vimenyooka mstari mmoja, na hakuna mzigo uliotundikwa. Mbao za mlalo zinavuta kushoto na kulia tu. Nguzo ikisukuma chini, nani ataisukuma juu? Hakuna. Kwa hiyo kani yake ni 0, umemaliza kwa macho, lakini watu bado wanajaza kurasa mbili za milinganyo! Mzigo wote unashukia mbao za mteremko, zinazobanwa kwa Nyutoni 1000 kila moja, na zile za mlalo zinavutwa kwa 800.

Halafu kuna wale wa "basi ing'olewe". Weee! Tundika dari ya Nyutoni 300 kwenye kiungo kile uone: nguzo inavutwa kwa 300 palepale. Yaani inaning'iniza, haiegemezi. Na hata bila dari, inaizuia mbao ya chini isilegee kwa uzito wake yenyewe, ule uzito ambao darasani huwa tunajifanya haupo.