Kaulizwa Kisima, Kajibu Ruzuku: Ukumbi Ukapiga Makofi

Kipande cha dakika mbili kimezunguka sana kwenye magrupu. Mdahalo, waheshimiwa wawili, majina ya nini, wadau wanawajua. Kijana wa upinzani kashika makaratasi, kauliza swali moja: kisima cha kata fulani mkandarasi kalipwa hela yote, maji hayatoki, hela imeenda wapi? Mheshimiwa wa upande wa pili katabasamu, kavuta maiki: "Nyinyi mna mdomo wa kuuliza hela? Mkaguzi si aliikuta ruzuku ya chama chenu haina risiti?"

Ukumbi ukalipuka. "Kamchana!" "Kamaliza!" Na mitandaoni ikawa hivyo hivyo, kijana kapigwa za uso.

Haya, mtu achukue kalamu aandike alichojifunza kuhusu kisima baada ya jibu lile. Karatasi itabaki nyeupe. Kisima kilikuwa hakitoi maji kabla ya jibu, na baada ya jibu bado hakitoi.

Mbona jibu la kweli lilikuwepo? Kazi ya kisima ina makaratasi yake: mkataba, hati za malipo, na sahihi ya aliyethibitisha kazi imekamilika. Kuna kipimo cha wingi wa maji, pale pampu inapoendeshwa kwa saa nyingi ili ijulikane kisima kinatoa lita ngapi. Mheshimiwa angeweza kusema kipimo kilifanyika, pampu ikaungua baadaye. Angeweza kusema injinia alisaini bila kufika. Hata angesema hela haikulipwa yote, kijana kadanganya. Yoyote kati ya hayo yangegusa swali. Ruzuku haigusi kitu. Inawezekana kabisa ruzuku imeliwa NA kisima kimeliwa, hayo mawili hayafutani. Wezi wawili kutajana hakupunguzi hata mmoja.

Watetezi wake wana methali yao: nyani haoni kundule. Sawa. Ila kundu la mwenzake analoliona si lipo kweli? Methali inamsema nyani, haisemi kwamba alichokiona ni uongo.

Ujanja huu si wa leo wala si wa Bongo. Warusi wa enzi za Sovieti walikuwa wakiulizwa kuhusu kambi zao za wafungwa, wanajibu: na nyie Marekani mnawanyonga watu weusi. Na ilikuwa kweli, watu weusi walikuwa wananyongwa. Lakini mfungwa aliyekuwa Siberia hakupata nafuu hata ya siku moja kwa ukweli huo.

Kuna anayebisha kwamba "hata wewe" huwa inasaidia, na ana kesi ya kuonyesha. Nuremberg, 1946. Admirali wa Ujerumani, Karl Dönitz, alishitakiwa pamoja na mengine kwa jinsi nyambizi zake zilivyozamisha meli. Wakili wake akapata majibu ya maandishi kutoka kwa Admirali Nimitz wa Marekani, akikiri kwamba nyambizi za Marekani nazo zilizamisha meli bila onyo kule Pasifiki. Mtu anaweza kudhani kesi imeisha hapo. Wapi! Mahakama ilisema Dönitz alivunja sheria ya vita vya nyambizi. Ilichofanya ni kutompimia adhabu kwa kosa hilo, kwa kuwa na wenzake walifanya. Akala miaka 10 kwa mengine. Yaani hata pale ambapo "hata wewe" ilifika mbali kuliko kawaida, iligusa adhabu tu. Swali la "ulifanya au hukufanya" lilibaki na jibu lake: ulifanya.

Kwa hiyo ruzuku ina mahali pake. Kijana angesimama akasema "sisi ni wasafi, tupeni kura", hapo risiti za chama chake zingekuwa jibu la moja kwa moja, maana kilichodaiwa ni usafi wao. Au angetaka mheshimiwa ajiuzulu wakati wa kwao amekaa tu, ni haki kumuuliza mbona kipimo ni viwili. Ila siku ile hakudai usafi wala hakutaka mtu ajiuzulu. Aliuliza hela ya kisima.

Na yeye kijana asiachwe. Alipotupiwa ruzuku aliidaka! Akaanza kujitetea, risiti zilichelewa, mkaguzi alikosea, mara hivi mara vile, makaratasi ya kisima yakalala mezani. Ndicho mwenzake alichokuwa anakitafuta. Angesema tu: "Ruzuku tuitane kesho, nitakuja na vitabu. Leo, nani alisaini kwamba kisima kimekamilika?"

Mtangazaji naye alikuwa na nafasi ya kulirudisha swali hilo hilo. Akacheka, akasema mjadala umenoga, akaenda kwenye matangazo.