MFI ikisema pesa zinaingia na A/D ikisema zinatoka, umwamini nani?

Mwezi uliopita dada mmoja anayefanya kazi za ndani Maskati alinitumia picha ya chati. Ilikuwa saa nane mchana, muda wake wa kupumzika. Koini ndogo, mshumaa mrefu wa kijani, na chini yake mstari wa MFI. Admini wa grupu alikuwa ameandika juu ya picha: "MFI iko 62, haijafika 80, bado ina nafasi. Ingieni mapema." Dada akaniuliza, "Kaka, nina riali 60 za ada ya mtoto ya Januari. Niingie nizizungushe kidogo?"

Nilimjibu mambo mawili. Kwanza, pesa ya ada haizungushwi. Pili, kama anataka kujifunza, aongeze mstari wa A/D kwenye chati hiyohiyo, halafu asubiri mshumaa ufunge ndipo tuangalie pamoja. Tulichokiona asubuhi yake ndicho kilichonifanya niandike, maana naona wengi wetu wanaitumia MFI kama kibali cha kununua. Mimi nasema si kibali. MFI na A/D ni breki. Zikigombana, gari linasimama.

Tuanze na kila kimoja kinavyohesabu, kwa sababu ugomvi wao unatoka hapo.

MFI inachukua bei ya juu ya siku, bei ya chini na bei ya kufunga, inajumlisha na kugawa kwa tatu. Hiyo ndiyo bei ya wastani ya siku. Inaizidisha kwa volumu, yaani idadi ya koini zilizouzwa na kununuliwa siku hiyo. Kisha inauliza swali moja tu: wastani wa leo uko juu ya wa jana? Ukiwa juu, pesa zote za leo zinawekwa kapu la "zimeingia". Ukiwa chini, zote zinawekwa kapu la "zimetoka". Inafanya hivyo kwa siku 14, halafu inakwambia zilizoingia ni asilimia ngapi ya jumla. Ikizidi 80 watu husema imenunuliwa kupita kiasi, ikishuka chini ya 20 husema imeuzwa kupita kiasi.

A/D haijali jana kabisa. Yenyewe inatazama mshumaa wa leo peke yake na kuuliza: bei imefungia wapi kati ya chini na juu? Ikifungia juu kabisa, volumu yote inaongezwa kwenye mstari, kwa maana kwamba watu wanakusanya. Ikifungia chini kabisa, volumu yote inatolewa, wanatupa. Ikifungia katikati, haiongezi wala haipunguzi. Kati ya hapo inahesabu kwa sehemu.

Sasa turudi kwenye koini ya dada. Namba nimezisawazisha kidogo ili zihesabike kirahisi.

Siku iliyotangulia bei ya wastani ilikuwa dola 1.01. Kwa siku 13 zilizopita kapu la zilizoingia lilikuwa na dola milioni 3.0, na la zilizotoka milioni 2.7. Saa nane mchana, admini alipopiga picha, bei ya chini ilikuwa 1.00, ya juu 1.40, na wakati ule ilikuwa inasimama 1.35. Koini milioni 1.2 zilikuwa zimeshabadilishana mikono. Wastani ni 1.25, uko juu ya jana, basi dola milioni 1.5 zote zikaingia kapu zuri. Milioni 4.5 kati ya 7.2 ni asilimia 62. Na A/D je? Nayo ilikuwa inacheka, maana 1.35 iko karibu kabisa na juu. Ilikuwa imeongeza 900,000.

Yaani mchana ule vipimo vyote viwili vilikubaliana. Hapo ndipo mtu anapotuma pesa.

Mshumaa ulipofunga, bei ya juu ilikuwa ileile 1.40, ya chini 1.00, lakini kufunga ni 1.05. Volumu ilikuwa imefika milioni 2. Hebu hesabu tena. Wastani ni 1.15, bado uko juu ya 1.01 ya jana. Kwa hiyo MFI ikaweka dola milioni 2.3 kwenye kapu la zilizoingia, na namba ikapanda mpaka 66. A/D ikatazama mshumaa huohuo: kutoka chini hadi kufunga ni senti 5, kutoka kufunga hadi juu ni senti 35. Tofauti ni hasi 30 katika upana wa 40, yaani hasi 0.75. Zidisha kwa milioni 2, mstari ukashuka kwa milioni 1.5.

Mshumaa mmoja, volumu moja, hukumu mbili. Na ukitazama umbo lake bila hesabu yoyote utaona nani alisema kweli siku ile: mwili mfupi chini, utambi mrefu juu. Bei ilipelekwa 1.40, huko juu wakauziwa waliokimbilia picha ya admini, ikarudi. Aliyeingia kwa 1.35 na riali 60 alilala akiwa na thamani ya riali 46 na kidogo. Wakati huo MFI yake ilikuwa imepanda zaidi, na bado "haijafika 80".

Somo la kwanza hapo ni la saa. Hisa zina kengele ya kufungua na kufunga, na Marc Chaikin, ambaye mstari wa A/D ni kazi yake, alikuwa mtu wa hisa. Koini haifungi. Masoko mengi ya koini yanakata siku saa 00:00 UTC, ambayo kwa Maskati na Dubai ni saa kumi alfajiri, na kwa Riyadh, Doha na Kuwait ni saa tisa usiku. Wewe unayemaliza vyombo saa nne usiku Maskati na kushika simu, unatazama mshumaa wa siku uliobakiza saa sita. Namba zote mbili unazoziona ni za muda tu. Usisome mshumaa ulio wazi. Soma wa jana.

Somo la pili: msije mkafanya kosa la kuihama MFI na kuiabudu A/D. Siku iliyofuata koini ileile ilikuwa na juu 1.06, chini 0.86, ikafunga 1.01, volumu milioni 1. Bei imeshuka kutoka 1.05. Lakini kwa kuwa ilifungia sehemu ya juu ya mshumaa wake, A/D iliongeza 500,000, kama vile watu wanakusanya. Haikujua kwamba jana bei ilikuwa juu zaidi. MFI ndiyo iliyojua: wastani ulishuka hadi 0.98 hivi, ikatupa zote kwenye kapu la zilizotoka. Safari hii MFI ndiyo iliyokuwa breki. Ndiyo maana nasema viwekwe viwili. Kila kimoja kinaona mahali ambapo mwenzake ni kipofu.

Somo la tatu ndilo zito, na watu wa magrupu hawaligusi. Vyote viwili vinakula chakula kimoja: volumu. Chakula kikiwa na sumu, vinaumwa vyote. Mwezi Machi 2019 kampuni ya Bitwise iliipelekea tume ya masoko ya mitaji ya Marekani uchambuzi uliosema kwamba takriban asilimia 95 ya volumu ya bitcoin iliyokuwa ikitangazwa ilikuwa ya uongo. Hiyo ni bitcoin, koini kubwa kuliko zote. Njia inayojulikana ni mtu kujiuzia mwenyewe: anauza kwa mkono wa kulia, ananunua kwa wa kushoto, na namba zinaongezeka bila pesa kutoka mfukoni zaidi ya ada ya soko.

Angalieni inavyoingia kwenye hesabu. Kama soko linadanganya kwa kiwango kilekile kila siku, tuseme linazidisha mara tano, MFI haibadiliki, kwa kuwa makapu yote mawili yameongezeka sawasawa. Lakini wanaopandisha koini hawadanganyi sawasawa. Wanarundika volumu siku ya tangazo. Na kwa MFI inatosha wastani wa leo uzidi wa jana kwa chembe, hata 1.011 dhidi ya 1.010, rundo lote linahesabiwa kuwa pesa iliyoingia. A/D nayo inadanganywa kwa njia yake: kwenye koini yenye wanunuzi wachache, oda ndogo dakika chache kabla ya kufunga inaweza kuisukuma bei juu, mshumaa ukafunga kileleni, na volumu yote ya siku ikaandikwa kuwa wanakusanya.

Unajuaje? Fungua koini hiyohiyo kwenye soko jingine. Chati inaonyesha volumu ya soko lile tu ulilolichagua, haionyeshi ya dunia nzima. Kama A/D inapanda kwenye soko moja na kushuka kwenye mengine mawili, usiamini hata mmoja. Tazama pia safu za volumu chini ya chati: siku moja ndefu mara kumi, bei haikwenda popote, kisha kimya. Na tazama daftari la oda. Volumu ya siku inasema mamilioni, lakini wanaosubiri kununua karibu na bei ni wa dola mia chache? Basi siku utakayotaka kuuza hakuna wa kukupokea.

Kuna ndugu watasema, "Mbona bitcoin na ethereum tunaziangalia kwa MFI na zinakwenda vizuri?" Sipingi. Penye masoko mengi na wanunuzi wengi, namba hizi zina maana zaidi. Lakini koini tunazoletewa kwenye magrupu si hizo. Ni zile ambazo mtu mmoja mwenye pesa anaweza kuchora mshumaa anaoutaka.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni huu. Nasoma mshumaa uliofungwa tu. Nataka MFI na A/D zikubaliane, na zikubaliane kwenye masoko mawili. Zikigombana sinunui, na sitafuti sababu. Zikikubaliana, bado sijapata ahadi ya kupanda, nimepata tu kwamba sikuona dalili ya kutupwa jana.

Dada hakuingia. Ijumaa alienda duka la kutuma pesa, ada ikafika shule. Ile picha ya admini ilifutwa kwenye grupu kabla ya wiki kuisha, na siku ya tatu ikaja ya koini nyingine, MFI 58.