Elfu tatu kwa kila mtu haimrudishi mtoto darasani

Foleni ya kwa chifu hapa Waberi msimu wa basari unaijua. Fomu mkononi, kopi ya kitambulisho cha mzazi, barua ya shule inayoonyesha deni. Halafu majina yanatoka na unakuta wote wamepewa kiasi kilekile, ili mtu asilalamike. Wengi wetu tunaita hiyo haki. Mimi nilitoka chuo na basari ya aina hiyo mfukoni, kwa hivyo niruhusu nibishe.

Chukua mfano tu. Wadi ina milioni 1.2, walioomba ni 400. Ukigawa sawa, kila mmoja anapata 3,000. Ada iliyowekwa na serikali kwa mzazi wa shule ya bweni isiyo ya kitaifa, nje ya miji mikubwa, ni 40,535 kwa mwaka. Yatima atafukuzwa tu. Mwenye baba wa duka alikuwa atalipiwa hata bila hiyo elfu tatu.

Sasa panga kwa madaraja. Ishirini walio hatarini kabisa wapate 30,000 kila mmoja: hiyo ni 600,000. Arobaini wanaofuata wapate 10,000, ni 400,000. Zilizobaki, arobaini wengine wapate 5,000. Pesa imeisha, na watu 300 hawana kitu. Hapo ndipo mwanasiasa anakimbia, kwa sababu 300 ni kura nyingi.

Na alama? Zitumike ndani ya daraja, pale watoto wawili wana shida sawa na nafasi ni moja. Ukizitanguliza, unamwadhibu mtoto kwa kosa la wakubwa. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kisha TSC ikahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Kaskazini Mashariki. Madarasa yalibaki matupu. Mwanafunzi aliyepata C katika shule kama hiyo huenda ameshinda mwenye B wa Nairobi. Afadhali umlinganishe na wenzake wa shule yake.

Kuna mtego mwingine ambao watu hawauoni. Daraja la juu huombwa cheti cha kifo cha mzazi. Baba aliyefia malishoni na kuzikwa siku hiyohiyo, nani alimwandikisha? Familia maskini kuliko zote inakosa karatasi, inashushwa daraja. Barua ya imamu na wazee wawili wa mtaa ingetosha, mradi orodha ibandikwe ukutani wiki moja kabla ya hundi kuandikwa. Majirani wataona mara moja nani si yatima.

Halafu ule mruko wa 30,000 hadi 10,000 unafanya watu wadanganye. Kamati ilipe sehemu ya deni lenyewe, tuseme robo tatu kwa daraja la kwanza na robo kwa la pili. Aliye na deni la 8,000 hahitaji 30,000, na salio linamwokoa mmoja wa wale 300.