Waliobaki Zamu Wapate Nini?



Mara nyingi kazini mtu mmoja hutumwa mkutanoni, na wenzake hubaki zamu. Akirudi huulizwa, "Dada, wamesema nini huko?" Siku hizi wengi hujibu kwa kurasa ndogo za picha, ambazo msomaji huzipitisha kwa kidole kwenye simu, moja baada ya nyingine. Wengine huziita karuseli. Mwezi huu tutazame jinsi ya kuchagua yatakayobaki katika kurasa hizo na yatakayoachwa, maana hapo ndipo wengi huteleza.

Tuchukue mfano wa muuguzi wa zahanati aliyesikiliza mhadhara wa dakika 40 juu ya watoto wanaohara. Mhadhiri alisimulia historia ya dawa ya kurudisha maji mwilini, ile ya pakiti iliyoandikwa ORS. Alionyesha michoro mingi. Alikumbusha kwamba mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri mtoto anayehara apewe pia zinki. Yote hayo hayawezi kuingia katika kurasa sita.

Kabla ya kushika simu, muuguzi wetu achukue karatasi na kujiuliza: mwenzangu akiingia zamu kesho asubuhi, atafanya nini tofauti kwa sababu ya mhadhara huu? Atapata majibu matatu. Atamwonyesha mama namna ya kuchanganya na kunywesha ORS. Atamsisitizia mtoto amalize siku zote za zinki, hata kama kuhara kumekoma. Atamfundisha dalili za kumrudisha mtoto zahanati upesi. Hayo ndiyo mafunzo. Historia na michoro, ingawa ilipendeza, iachwe.

Ukurasa wa kwanza usiandikwe "Taarifa ya Mkutano", bali "Mtoto akihara: mambo matatu ya kumweleza mama". Wa pili uwe wa kuchanganya dawa, wa tatu kiasi cha kunywesha, wa nne zinki, wa tano dalili za hatari. Wa sita utaje jina la mhadhiri na tarehe ya mhadhara. Kila ukurasa ubebe jambo moja, kwa maneno yasiyozidi 30 hivi, tena kwa herufi kubwa, kwani utasomwa kwenye kioo kidogo cha simu.

Sasa tuangalie hatari ya kufupisha. Ukurasa wa zinki ukisema tu "Miligramu 20 kila siku", unapendeza macho. Lakini katika ushauri ule wa mwaka 2004 kiasi hicho kilikuwa cha mtoto wa miezi sita na zaidi. Aliye chini ya miezi sita alipaswa kupewa miligramu 10, na wote kwa siku 10 hadi 14. Vivyo hivyo, "Pakiti moja, lita moja" si kweli kwa kila pakiti, kwani zipo za nusu lita. Ya lita moja ikitiwa katika nusu lita, chumvi huzidi na yaweza kumdhuru mtoto. Ni afadhali kuandika, "Soma kwenye pakiti kiasi cha maji." Na ukurasa wa kiasi useme wazi: kila baada ya choo cha maji, aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100, na aliyetimiza miwili apewe 100 hadi 200.

Basi punguza hadithi, lakini usipunguze sharti. Tarakimu ikae pamoja na umri wake na siku zake katika ukurasa ule ule. Usiseme sharti litafuata ukurasa unaokuja. Watu hutumiana picha moja moja kwa WhatsApp, na ile yenye sharti yaweza kubaki nyuma. Andika pia "4/6" pembeni, ili anayepata ukurasa mmoja ajue kwamba kuna mingine.

Kabla ya kuwatumia wote, mwonyeshe mmoja ambaye hakuwapo. Usimwulize, "Umeelewa?" kwa kuwa atakujibu ndiyo. Mwulize, "Mtoto wa miezi minne utampa zinki kiasi gani?" Akijibu 20, kosa ni la ukurasa, si lake. Urekebishe, kisha umjaribu mwingine.

Mwisho, mpelekee mhadhiri kurasa zako ahakikishe tarakimu na kukupa ruhusa. Ulichoongeza mwenyewe kiandikwe kuwa ni chako, asije akasemeshwa asiyoyasema. Na picha zake zenye sura za wagonjwa usizitumie, maana wagonjwa hao hawakukubali kuzungushwa katika simu za watu.

Tukutane tena mwezi ujao.