Mizani ya korosho ipimwe kila asubuhi, si mara moja kwa mwaka

Kila msimu wa korosho malalamiko ni yale yale. Mkulima anapima gunia nyumbani, analifikisha kwenye chama cha msingi na kukuta limepungua. Chama nacho kinapeleka mzigo ghala kuu, na uzito unabadilika tena. Majibu yamezoeleka: korosho zimenyauka, gunia limevuja, mkulima hajui kupima. Mizani yenyewe haiulizwi, maana ina stika.

Hilo halikubaliki, na Madimba ni mahali pa kulisemea. Katika kata hii ya Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara kuna kiwanda cha kuchakata gesi asilia, na tangu mwaka 2015 gesi husafirishwa kutoka hapo kwa bomba hadi Dar es Salaam. Hakuna mnunuzi ambaye angekubali gesi hiyo ipite bila mita inayoaminika. Nje ya uzio wa kiwanda, mkulima anatakiwa kuamini mizani iliyohakikiwa miezi kadhaa iliyopita, kisha ikarushwarushwa kwenye pikapu kutoka kituo hadi kituo.

Hoja ya unyaukaji ni ya kweli, ila ina mipaka. Korosho hupoteza unyevu kwa siku na wiki. Haziwezi kupoteza kilo moja na nusu kati ya mizani mbili zilizo umbali wa saa moja. Gunia lile lile likipimwa siku hiyo hiyo na kutoa uzito tofauti, na tofauti ikaelekea upande ule ule kwa kila gunia, tatizo ni mizani.

Mizani ya saa, ile ya kuning'iniza, hutegemea springi. Springi inayobeba mizigo mizito mwaka hadi mwaka hulegea kidogo kidogo, na mshale haurudi tena kwenye sufuri. Mwenye mizani huzungusha skrubu, mshale ukarudi, naye akaamini kwamba amemaliza kazi. Skrubu ile husogeza sufuri tu. Haigusi kosa linalokua kadiri mzigo unavyoongezeka. Katika ukanda huu wa mlango wa Mto Ruvuma, wenye upepo wa chumvi, kuna kutu pia. Kutu ikila waya wa springi, mizani husoma uzito uliozidi. Ikikaa kwenye meno yanayosukuma mshale, mshale hukwama kabla ya kufika unakopaswa kufika. Ndiyo maana mzigo ule ule ukipakiwa taratibu, kisha ukasukumwa chini kidogo na kuachiwa, unaweza kutoa namba mbili. Mizani ya namna hiyo haifai kupimia hata samaki sokoni.

Mizani ya kidijitali inaletwa kama tiba ya yote haya. Inatibu kosa la macho ya msomaji, si kosa la kifaa. Ndani yake mna kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana chini ya mzigo, na juu yake zimegundishwa nyaya nyembamba zinazogeuza mpindo huo kuwa umeme. Gundi huchoka, unyevu huingia, joto la mchana hubadilisha usomaji, na betri ikiisha namba huanza kuyumba. Kioo huficha yote hayo, kwa sababu mizani hujipa sufuri yenyewe kila inapowashwa. Sufuri safi ya kijani haithibitishi chochote kuhusu kilo 80.

Tuchukue mfano unaoweza kutokea katika banda lolote la kupimia. Korosho moja imedondoka na kubanwa kati ya bamba la mizani na fremu yake. Ukiweka jiwe la kilo 20, kioo kinasoma 20.0. Kwa kilo 40 kinasoma 40.0. Kwa kilo 60 kinasoma 59.6, na kwa kilo 80 kinasoma 79.1. Mzigo mdogo haupindi bamba kiasi cha kugusa korosho ile. Mzigo mkubwa unaigusa, na sehemu ya uzito inaishia kwenye fremu. Anayejaribu mizani kwa jiwe moja dogo ataipitisha. Anayepanda hadi uzito wa gunia, kisha akahamisha jiwe kwenye kona zote nne za bamba, ataikamata papo hapo.

Gramu 900 si jambo dogo. Kwa viwango vya kimataifa, mizani ya biashara yenye vigawanyo vya gramu 100, ikibebeshwa kilo 80, inaruhusiwa kukosea gramu 100 siku ya kuhakikiwa na gramu 200 ikiwa kazini. Hata cheti cha kiwandani hakitoshi. Mvutano wa dunia ni mdogo zaidi karibu na ikweta, hivyo mizani iliyosawazishwa kaskazini mwa Ulaya na kuletwa Mtwara bila kusawazishwa upya itapunguza takriban gramu 300 katika kila gunia la kilo 80. Imevuka mpaka kabla ya kupata kutu hata kidogo.

Wapo wanaosema makosa huenda pande zote mbili, kwa hiyo mwisho wa msimu hufutana. Hayafutani. Mizani ya chama ikisoma pungufu, mkulima analipwa kilo pungufu na ghala kuu linapokea ziada isiyo na jina la mtu. Ikisoma zaidi, chama kinafika ghalani na upungufu, na upungufu huo hukatwa kwenye fedha za wanachama. Mara zote mbili anayelipa ni mkulima. Chama kinachokusanya tani 500 kwa mizani yenye kosa la asilimia moja kina tani tano zisizo na maelezo. Kwa bei ya Sh3,000 kwa kilo, hizo ni Sh15 milioni.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, imempa Wakala wa Vipimo kazi ya kuhakiki mizani ya biashara, na uhakiki huo hufanyika kila mwaka. Stika inaeleza hali ya mizani siku ilipobandikwa. Haiwezi kujibu kuhusu asubuhi ya leo, na viongozi wa ushirika waache kuitumia kama ngao.

Kila chama cha msingi kiwe na mawe manne ya kilo 20 yaliyohakikiwa na Wakala. Kabla ya gunia la kwanza kupanda, mizani ilazwe sawasawa, bamba linyanyuliwe na kusafishwa, kisha mawe yapandishwe moja moja hadi kilo 80 na kushushwa, mbele ya wakulima waliopo. Namba zote ziandikwe kwenye daftari linalobaki wazi mezani. Mizani iliyovuka gramu 200 isitumike siku hiyo. Gharama ya mawe hayo ni ya chama kikuu, na kukagua daftari ni kazi ya maofisa ushirika wa wilaya.

Mkulima naye asizuiwe kuja na kipimo chake. Ili kugundua mizani inayohama hahitaji jiwe la serikali. Anahitaji kitu kisichobadilika uzito: kipande cha chuma, au dumu la maji lililofungwa barabara. Kikisoma tofauti wiki hii na wiki iliyopita kwenye mizani ile ile, kilichobadilika ni mizani, na karani analazimika kueleza.

Kwa Wakala wa Vipimo, ukaguzi wa kushtukiza katikati ya msimu uanze Oktoba, magunia yanapopanda mizani, si baada ya mnada wa mwisho. Pale lakiri ya kusawazishia itakapokutwa imevunjwa, majina ya waliokabidhiwa mizani yafikishwe mahakamani, na ziada yote iliyokutwa ghalani irudishwe kwa wakulima kwa hesabu ya stakabadhi zao.