CHUMVI INAYOJIFICHA NDANI YA HESABU

Ndugu mtumishi, na wewe mama wa nyumba,

Vipande vya kukoleza mchuzi tunavyonunua havihesabiwi kwa namna moja. Pakiti za Afrika ya Kusini zinaandika sodiamu. Zile za Ulaya zinaandika chumvi. Mnunuzi anatazama hesabu mbili, anachagua ile ndogo, anarudi nyumbani na furaha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunadanganyika.

Sodiamu ni sehemu tu ya chumvi. Ili kupata chumvi yenyewe, zidisha sodiamu mara 2.5. Basi gramu 1 ya sodiamu ni sawa na gramu 2.5 za chumvi.

Tuchukue mfano. Pakiti ya kwanza inasema: katika gramu 100, sodiamu miligramu 20 000. Ya pili inasema: katika mililita 100, chumvi gramu 1. Kila kipande, huku na huku, kina uzito wa gramu 10. Je, ya pili ni bora?

Ngoja kwanza. Miligramu 20 000 ni gramu 20. Ukizidisha mara 2.5 unapata gramu 50 za chumvi katika gramu 100. Maana yake nusu ya kipande ni chumvi: gramu 5. Sasa soma pakiti ya pili vizuri. Haikupima kipande kikavu. Ilipima supu iliyokwisha kutengenezwa, kipande kimoja ndani ya nusu lita ya maji. Nusu lita ni mililita 100 mara 5. Basi kipande hicho nacho kina gramu 5. Zote mbili ni sawasawa!

Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha, uliza maswali mawili: wamepima sodiamu ao chumvi? Na wamepima kwa kiasi gani, tena cha kitu gani? Ile sehemu ya kula mara moja inachaguliwa na mwenye kiwanda. Haijui sahani yako.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Ukitia vipande viwili katika sombe ya watu watano, kila mmoja amekwisha kupata gramu 2, mbele ya kuhesabu mkate, samaki wa chumvi, na ile chumvi uliyoongeza kwa mkono.

Wengine watajibu: "Sisi tunatoka jasho kazini, chumvi inatufaa." Jasho linadai maji kwanza. Chumvi ya chakula cha kawaida inawatosha wengi wetu, na aliyezidisha kila siku anaongeza hatari ya tansiyo, ugonjwa unaoweza kukaa mwilini bila maumivu.

Neno langu ni hili: ukitia kipande ndani ya chungu, acha kopo la chumvi mahali pake. Onja kwanza.